Kese ya kampanye: tuchukue makuta ngapi kwa safari moja?

Kila mwaka kahawa ikianza kuiva kwenye vilima vya pembeni ya Ziwa Kivu, ndani ya komite za koperative kunatokea ubishi uleule. Prezida anataka makuta ya mwezi mzima yaletwe kutoka Goma mara moja, ili barabara isisumbue watu kila wiki. Mutunza kese hataki kulala na makuta mingi ndani ya depo. Yeye anaomba kidogo kidogo, kila wiki safari moja. Ubishi unaisha kwa sauti kubwa zaidi, siyo kwa hesabu. Lakini hesabu iko, na siyo ngumu.

Sisi tumezoea kuwaandikia juu ya mbolea, migomba na kupogoa kahawa. Leo tunaingia kwenye sanduku la makuta kwa sababu linagusa kahawa yenyewe. Kahawa mbivu ikishachumwa inapaswa kumenywa siku ileile; ikilala ndani ya mifuko inaanza kuchacha, na ladha yake inapotea. Memba akifika kwenye kituo cha kuosha na kukuta kese ni tupu, harudi nyumbani kungoja. Anauzia mchuuzi aliye barabarani na makuta mkononi, na kahawa hiyo inavuka ziwa usiku. Kwa hiyo kese haipaswi kuwa tupu. Lakini kese iliyojaa nayo inakula makuta ya koperative polepole, bila mutu kuona.

Tuchukue mfano. Koperative hii tumeitengeneza wenyewe ili hesabu iwe nyepesi, kila moja ataweka namba zake. Iko upande wa Kirotshe. Kwa mwezi wa kawaida wa kampanye inanunua kahawa mbivu ya dola 8000, na ununuzi ni karibu sawa kila siku. Makuta hayo ni ya deni: shirika la akiba na mikopo la Goma limewakubalia kuchukua kidogo kidogo, na riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Riba inaanza kuhesabiwa siku ile makuta yanapotoka, siyo siku yanapolipwa kwa mkulima. Kila safari ya Goma, ukiweka pikipiki kwenda na kurudi, chakula, na siku ya kazi ya watu wawili (hatumtumi mutu moja peke yake), inagharimu dola 20.

Hapo kuna gharama mbili zinazovutana. Ukienda mara nyingi, safari zinakula. Ukienda mara moja, riba inakula, kwa sababu unalipia makuta yanayolala tu ndani ya sanduku. Angalieni vizuri hapa: riba ya makuta yaliyokwisha kununua kahawa hatuihesabu, kwa sababu hiyo italipwa hata tufanye nini. Tunahesabu tu riba ya makuta yanayolala.

Yanalala kiasi gani? Ukileta dola 4000 na kuzitumia sawasawa kila siku, siku ya kwanza unazo 4000, siku ya mwisho huna kitu. Kwa wastani sanduku lina nusu, yaani 2000. Nusu hiyo njo tunayolipia riba.

Sasa tujaribu. Safari moja kwa mwezi: unaleta 8000, wastani ndani ya sanduku ni 4000, riba yake dola 80, safari dola 20. Jumla 100. Safari nne: unaleta 2000 kila mara, wastani ni 1000, riba dola 20, safari dola 80. Jumla tena 100. Prezida na mutunza kese wanagharimu koperative sawasawa kabisa, hata kama kila moja anaona mwenzake ndiye anayepoteza. Kiisha jaribu safari mbili: unaleta 4000, wastani 2000, riba 40, safari 40. Jumla 80. Hakuna namba ya safari inayoshuka chini ya hapo. Safari tatu zinatoa karibu 87, na safari nane, mbili kila wiki, zinatoa 170.

Mumeona kitu? Mahali pa nafuu zaidi, riba na safari ni sawa, 40 kwa 40. Hiyo siyo bahati ya namba tulizochagua. Kwa hesabu ya namna hii ni hivyo kila mara, na tutaitumia hapo chini.

Bila kujaribu moja moja, njia fupi ni hii:

```
K = √(2 × S × M ÷ R)
```

K ni kiasi cha kuchukua kwa safari moja. S ni gharama ya safari moja. M ni makuta yatakayotumika kwa mwezi. R ni riba ya mwezi. Alama √ ni kipeuo cha pili, ile tuliyoita shuleni rasini kare. Iko kwenye mashine ya kuhesabu ya simu nyingi, ukigeuza simu ilale. Asilimia 2 unaiandika 0.02. Mara 2 kwa 20 kwa 8000 ni 320000. Gawanya kwa 0.02, unapata milioni 16. Kipeuo chake ni 4000.

Hesabu hii haikuanzia kwenye makuta. Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani, Ford Harris, aliitoa kwa ajili ya viwanda: waagize vitu vingapi kwa mara moja ikiwa kila agizo lina gharama yake na vitu vikilala stoo vina gharama pia. Mwaka 1952 mwanauchumi William Baumol aliona kwamba makuta mkononi nayo ni stoo, na mwaka 1956 James Tobin akaitazama tena kwa upande wa riba. Mwenye depo ya mbolea anaweza kutumia kanuni ileile kwa mifuko yake.

Kipeuo hicho kina matokeo ambayo watu wengi hawayategemei. Wengi wanafikiri: kampanye ikipanda mara nne, sanduku nalo lipande mara nne. Hapana. Mwezi wa kuanza, kahawa ikiwa bado kidogo, tuseme mnanunua ya dola 2000 tu. Kanuni inasema chukueni zote 2000 kwa safari moja. Mwezi wa kawaida wa 8000, chukueni 4000 mara mbili. Mwezi wa kilele, tuseme 18000, chukueni 6000 mara tatu. Ununuzi umepanda mara tisa, lakini sanduku limepanda mara tatu tu. Koperative inayobeba 18000 yote kwa mara moja eti kwa sababu "mwezi ni mkubwa" inalipa dola 180 za riba ya makuta yanayolala, pahali ambapo 60 zingetosha. Hata ukiongeza safari mbili za ziada, dola 40, bado imepoteza 80 kwa mwezi moja.

Kwa sababu hiyohiyo, vikundi viwili jirani vinavyonunua 8000 kila kimoja vinafaidika vikituma watu wao pamoja. Vikiwa mbalimbali, kila kimoja kinagharimu 80, jumla 160. Vikiunganisha kese, kiasi cha safari kinakuwa karibu 5650, na gharama yote inashuka mpaka karibu 113. Lakini lazima waaminiane juu ya ufunguo wa sanduku, na hilo siyo jambo la mashine ya kuhesabu.

Sasa tuje kwenye riba, maana hapo ndipo maswali mengi yanatoka. Riba ikipanda, kushika makuta mkononi kunakuwa ghali, basi sanduku linapaswa kupungua. Kiasi gani? Ikipanda kutoka 2 mpaka 3 kwa mwezi, yaani imeongezeka nusu yake, kiasi cha safari kinatoka 4000 mpaka karibu 3270. Imepungua kama asilimia 18, siyo nusu. Ili sanduku lipungue nusu, riba inapaswa kupanda mara nne, kutoka 2 mpaka 8. Kwa mabadiliko madogo kuna njia ya haraka: riba ikiongezeka sehemu kumi kwa mia ya ilivyokuwa, sanduku linapungua kama tano kwa mia. Basi mukopeshaji akipandisha riba kidogo, musikimbie kubadilisha ratiba ya safari. Jumla ya gharama ina sakafu pana pale chini: tumeona kwamba kati ya safari mbili na tatu tofauti ni dola 7 tu.

Lakini R siyo riba ya mukopeshaji peke yake. Ni kila kitu kinachokula makuta wakati yamelala. Kama mnaweka kese kwa franga, kushuka kwa franga mbele ya dola kunaingia humo. Mwaka 2023 dola moja ilitoka karibu franga 2000 mpaka zaidi ya 2600. Aliyeshika franga mwaka mzima alipoteza karibu asilimia 2 ya thamani ya dola kila mwezi. Mweke hiyo juu ya riba yetu ya 2, R inakuwa 4, na kiasi cha safari kinashuka mpaka karibu 2830. Kwa hiyo koperative inayoleta dola na kuvunja franga za siku mbili tatu tu, kadiri ya ununuzi, inajilinda vizuri kuliko ile inayovunja zote siku ya kwanza. Mwezi wa nane mwaka ule Banki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake kutoka 11 mpaka 25 kwa mwaka, na shabaha moja ilikuwa hiyo: kufanya franga iwe na bei ya kushikwa. Sisi huku tuliisikia kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya akiba na mikopo ya benki za nchi hii iko kwa dola.

Wazee wanakumbuka jambo hili bila kanuni yoyote. Mwaka 1993 na 1994, wakati wa zaire, bei zilipanda maelfu ya asilimia kwa mwaka. Mutu akilipwa asubuhi alitafuta dola, chumvi au sabuni kabla ya jioni. R ilikuwa kubwa sana, na sanduku la kila nyumba likawa karibu tupu, sawa vile hesabu inavyosema.

Tuje kwenye ada na hatari za barabara, maana hapo watu wanachanganya mambo mawili. Kuna ada ya safari na kuna ada ya asilimia. Pikipiki ni dola zilezile ukibeba 1000 au ukibeba 6000: hiyo ni S. Lakini mwenye kabine ya simu akikukata asilimia 3 kwa kila makuta anayokutolea, basi kwa mwezi wa 8000 utalipa 240, hata utoe mara moja, hata utoe mara nane. Ada ya asilimia haiingii ndani ya kanuni kabisa. Haibadilishi kiasi cha kuchukua kwa mara moja. (Kama ada inapanda kwa ngazi, kiasi hiki ada hii, kiasi kile ada ile, hapo tazama ngazi kabla ya kugawa.)

Hili lilionekana wazi mwaka 2025. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza, benki za Goma zilifungwa, na makuta ya mkononi yakawa adimu. Watu walitegemea simu, na wenye kabine wakaomba komisiyo kubwa zaidi kuliko zamani. Koperative yetu ya mfano ingefanyaje? Tuseme safari sasa, kwa kuzunguka na kungoja siku mbili, inagharimu 45 pahali pa 20. Kanuni inasema leteni 6000 pahali pa 4000, basi safari zinapungua. Gharama ya riba na safari pamoja inapanda kutoka 80 mpaka 120. Inauma, lakini si sana. Kinachouma kweli ni ile 240 ya asilimia, ambayo hakuna ratiba ya safari inayoweza kuipunguza. Hiyo inapungua kwa njia mbili tu: kubishana na mwenye kabine juu ya asilimia yenyewe, mukiwa wengi na kiasi kikubwa, au kutolipa kwa makuta ya mkononi. Memba anayekubali kulipwa kwa simu na kununua bati au mbegu kwa simuhiyohiyo anaondoa sehemu yake ndani ya M. Lakini kama atakwenda kuyatoa kesho yake, mumemhamishia tu ile ada. Mumuulize kwanza.

Hatari ya kuporwa nayo ina sura mbili. Wizi wa depo unategemea kiasi kinacholala, basi unaingia ndani ya R. Komite ikikadiria kwamba hatari hiyo ni kama asilimia 1 kwa mwezi, R ni 3 na kiasi ni 3270. Wizi wa barabarani ni tofauti. Ukibeba kidogo mara nyingi, unakutana na hatari mara nyingi na kila mara unapoteza kidogo. Ukibeba kingi mara chache, ni kinyume. Kwa wastani ni sawa, kama ada ya asilimia. Ila koperative haiishi kwa wastani. Ikipoteza 1000 itapumua, ikipoteza 6000 deni linaiua. Kwa hiyo sisi tunashauri muweke kikomo cha kubeba, kiasi ambacho mukikipoteza bado mutaweza kulipa deni, na kanuni ifanye kazi chini ya kikomo hicho. Kama kikomo ni 3000 na kanuni inasema 4000, bebeni 3000. Gharama inapanda kutoka 80 mpaka karibu 83. Dola 3 kwa mwezi ni bei ndogo sana kwa usingizi huo.

Kanuni ina upofu mwingine, na huo ndio mkubwa. Inafikiri kwamba ukifika Goma makuta utayakuta, kila mara, na kwamba ununuzi wa kesho unaujua. Mwezi wa kwanza wa 2025 ilionyesha kinyume. Aliyekuwa na makuta kwenye akaunti alikuwa nayo kwenye karatasi tu. Kwa hiyo juu ya kiasi cha kanuni, wekeni akiba ya dharura isiyoguswa, tuseme ununuzi wa wiki moja, 2000 kwa mfano wetu. Inagharimu riba ya dola 40 kwa mwezi, na dola hizo 40 muziandike peke yake ndani ya daftari, kama gharama ya kujilinda, zisichanganywe na hesabu ya safari. Mahali ambapo barabara na benki viko sawa, akiba hiyo inaweza kuwa ya siku mbili. Hatuoni sababu ya kuweka ile ya mwezi mzima, labda vita iko karibu, na hapo hata sanduku si mahali salama.

Kwa nyumba ya memba moja, kanuni inasema jambo la kushangaza kidogo. Tuseme mama anapata dola 100 kwa mwezi, akiba yake inampa nusu asilimia kwa mwezi, na kwenda kwenye ofisi ya akiba kunamgharimu dola 2. Hesabu inatoa kiasi cha karibu 283, kikubwa kuliko mapato yake yote. Maana yake: kwa makuta ya matumizi ya mwezi, safari hiyo hailipi. Tobin alikwisha kuliona hilo. Kwa hiyo mutu asimlaumu mama huyo kwamba hajui benki. AVEC ya kijiji, ambayo S yake ni karibu sifuri kwa sababu wanakutana pale pale, inamfaa zaidi.

Mutajuaje kama sanduku lenu liko sawa? Kwa mwezi moja, mutunza kese aandike kila jioni kiasi kilichobaki, bila ile akiba ya dharura. Mwisho wa mwezi ajumlishe na kugawa kwa idadi ya siku. Huo ndio wastani wa kweli, na mara nyingi hautakuwa nusu kamili, kwa sababu siku za soko zinakula zaidi. Auzidishe kwa R. Pembeni aandike jumla ya gharama za safari. Kama riba ni dola 70 na safari ni 20, mnaleta makuta mingi mno kwa mara moja. Kama riba ni 15 na safari ni 80, motari ndiye anayefaidika. Zikikaribiana, hata kwa tofauti ya dola kumi na tano, acheni ratiba ilivyo mpaka bei ya safari au riba ibadilike.